Kata Asilimia 10, Poteza Safari 3 Kati ya 10

Tuchukue idara ya usafirishaji yenye magari 4 ya kusambaza bidhaa. Mkuu wake ameomba shilingi milioni 120 za mwaka mzima, na fomu imerudishwa na agizo fupi pembeni: punguza asilimia 10. Milioni 12 tu. Zitoke wapi?

Katika zile milioni 120, milioni 80 ni mishahara ya madereva walioajiriwa, bima ya magari na kodi ya yadi. Hizo ni gharama zisizobadilika. Magari yakitembea au yakilala, zinalipwa. Milioni 40 zilizobaki ni dizeli, matairi na sevisi, ambazo kwa hesabu ya idara ni wastani wa shilingi 500 kwa kila kilomita, na mpango ni kilomita 80,000. Kodi na bima zina mikataba, mishahara nayo haiguswi kirahisi, kwa hiyo milioni 12 zote zitakatwa kwenye kilomita. Safari zinapungua kwa asilimia 30, huku madereva wakilipwa kama kawaida. Mwidhinishaji aliyeletewa jumla tupu hawezi kuliona hilo.

Kutenganisha si kazi ngumu. Kila kifungu kinaulizwa swali moja: magari yakikaa yadi mwezi mzima, bili hii itakuja? Umeme wa yadi utakuja, dizeli haitakuja. Vingine vina sura mbili, kama simu yenye malipo ya kila mwezi pamoja na muda wa ziada, na hivyo hugawanywa. Wapo pia wakuu wa idara wajanja wanaoandika vibarua wa msimu kama gharama isiyobadilika ili wasikatwe. Mwidhinishaji mzoefu huomba kuona mkataba, na vibarua hawana.

Faida nyingine huonekana mwaka unapofungwa. Tuseme bajeti ilipita bila kukatwa, wateja wakaongezeka, magari yakatembea kilomita 100,000 na matumizi yakafika milioni 132. Kwa haraka haraka, idara imevuka bajeti kwa milioni 12 na mkuu wake ana kesi ya kujibu. Lakini kilomita 100,000 kwa shilingi 500 ni milioni 50. Ukijumlisha na zile 80, kazi iliyofanyika ilistahili milioni 130. Kinachohitaji maelezo ni milioni 2. Huenda dizeli ilipanda bei, huenda kuna lita zilizoishia kwingine, na hapo daftari la safari hulinganishwa na risiti za kituo cha mafuta.

Mgawanyo huu una mipaka yake. Zile milioni 80 hazibadiliki mradi magari 4 yanatosha. Kazi ikizidi uwezo wao, gari la tano linakuja na dereva wake na bima yake, na gharama hupanda ghafla kabla halijatembea hata kilomita moja. Ndiyo maana ombi la gari jipya huchunguzwa kuliko ombi la dizeli: mafuta yanaweza kusitishwa mwezi ujao, lakini mshahara wa dereva aliyeajiriwa utaingia kwenye bajeti ya mwaka huu, na ya mwaka ujao pia.