Mlango wa Maabara Una Pande Mbili

Mwanzoni mwa mwaka, mwalimu wa kemia huingia darasani na kutumia kipindi kizima kuzungumzia usalama wa maabara. Msikimbie, msile, msionje kitu, msinuse chupa moja kwa moja, mimineni asidi kwenye maji na si maji kwenye asidi. Wanafunzi hunakili kurasa mbili, kengele ikalia. Baadaye mtu mwenye nia njema huzichapa kurasa zile zile kwa herufi ndogo na kuzibandika mlangoni. Zinakaa pale miaka mitatu bila mtu kuzisoma.

Kosa linaanza kwa kutojiuliza nani anasimama mbele ya mlango ule. Upande wa nje anafika mfagiaji na ndoo yake, mlinzi aliyeona moshi saa nane usiku, mwalimu wa historia aliyepewa zamu ya kusimamia mtihani, au askari wa Zimamoto. Hawa hawakuwahi kuisikia hotuba. Wanachohitaji ni kujua kilichomo ndani kinachoweza kuwadhuru, na nani wa kumpigia simu. Upande wa ndani yupo mwanafunzi ambaye mwenzake amerukiwa na asidi. Huyo hotuba aliisikia, lakini kwa sasa imemtoka yote kichwani. Kwa hiyo mabango ni mawili, na sehemu kubwa ya hotuba haiingii katika lolote. Kanuni ya asidi na maji, kwa mfano, inafaa ibandikwe juu ya sinki pale asidi inapozimuliwa, maana hakuna anayezimua asidi akiwa mlangoni.

Tuanze na nje. Umoja wa Mataifa una mfumo wa kuweka alama za hatari kwenye kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003. Alama zake ni 9, kila moja ikiwa mchoro mweusi ndani ya msambamba mweupe wenye ukingo mwekundu, uliosimama kwa ncha. Kishawishi ni kuzichapa zote 9, kwa kuwa zinapendeza na zinapatikana kwa urahisi. Lakini bango lenye bomu linalopasuka, kwenye mlango wa chumba kisicho na kilipuzi hata kimoja, linamfundisha msomaji kwamba alama zile ni mapambo.

Dawa yake ni kulifungua kabati na kusoma lebo za chupa. Tuseme maabara yetu ya sekondari ina spiriti, asidi ya salfuriki na ya haidrokloriki zisizozimuliwa, kostiki soda, pamanganeti ya potasiamu, na mtungi wa gesi ya kupikia unaolisha majiko. Hapo zinatosha alama nne. Mwali wa moto ni wa spiriti na gesi. Matone yanayotoboa chuma na mkono ni ya asidi na kostiki. Mwali uliokaa juu ya duara ni wa pamanganeti, ambayo huupa moto oksijeni na kuuchochea. Ya nne ni mtungi. Ikigunduliwa chupa ya zebaki nyuma ya kabati, fuvu na mifupa vinaongezwa.

Tatizo ni kwamba mwali na mwali juu ya duara hufanana sana, hasa vikipita kwenye mashine ya fotokopi iliyochoka. Ndiyo maana chini ya kila alama yanafaa maneno mawili matatu ya Kiswahili: “Huwaka upesi”, “Huunguza ngozi na macho”, “Huchochea moto”, “Gesi yenye shinikizo”. Najua somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mlinzi hafanyi mtihani wa kemia. Kuhusu ukubwa, kipimo kinachotumika sana kwa alama inayomulikwa na taa ya kawaida ni sentimita 1 ya urefu kwa kila mita 1 ya umbali. Ukitaka alama ionekane toka mwisho wa kibaraza cha mita 10, iwe na sentimita 10.

Upande wa ndani ndio mgumu zaidi, maana hapo kila neno linakula muda. Katika daftari sentensi ilikuwa hivi: “Iwapo kemikali itaingia machoni, mwathirika anapaswa kuosha macho yake mara moja kwa maji mengi na kisha kutafuta msaada wa kitabibu.” Inasomeka vizuri, ila inamwelekeza asiyehusika. Mtu mwenye asidi machoni amefumba macho, hawezi kusoma bango. Anayelisoma ni aliye karibu naye, kwa hiyo yeye ndiye wa kuambiwa:

KEMIKALI MACHONI
Mshike, mpeleke kwenye maji.
Mfumbue macho, mmiminie maji dakika 15. Asisugue.
Mwite mwalimu. Mpelekeni hospitali.

Dakika 15 zina hesabu yake. Vifaa vya kuoshea macho vinavyofuata kiwango cha Marekani hutoa angalau lita 1.5 kwa dakika, yaani lita 22.5 kwa muda wote huo. Katika shule ambayo bomba hukauka mchana, ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Zinahitajika mbili, zenye vifuniko na maji masafi yanayobadilishwa, na bango liandike zilipo: “Ndoo mbili za bluu chini ya sinki.” Kuandika “tumia shawa ya dharura” mahali pasipo na shawa ni kumpotezea mtu dakika yake ya kwanza akizungusha macho ukutani.

Asidi ikimwagika kwenye nguo, hatua ya kwanza ni kuivua nguo iliyolowa na kumwagia mwili maji. Hapo msichana wa miaka 15 mbele ya darasa atasita, na kila anaposita asidi inaendelea kuunguza. Kanga mbili ndani ya sanduku la huduma ya kwanza humaliza shida hiyo, mradi bango liseme: “Vua nguo iliyolowa. Kanga ipo sandukuni.”

Kwa moto, hotuba hutumia dakika nyingi kueleza aina za mitungi ya kuzimia. Bangoni inabaki hivi: “Piga kelele: Moto! Funga gesi kama unaifikia. Tokeni wote. Piga 114.” Hiyo ndiyo namba ya Zimamoto kwa Tanzania. Kuuzima moto mdogo ni kazi ya mwalimu aliyefunzwa.

Kabla ya kulibandika, mwonyeshe bango mtu ambaye hakuwepo kwenye hotuba, kwa sekunde 10 tu, kisha lifunike. Muulize: mwenzako ameingiwa na asidi machoni, unafanya nini? Akijibu “namwita mwalimu”, mpangilio umemteleza, maana maji yanatangulia. Neno “maji” likuzwe, na majaribio yarudiwe kwa mtu mwingine.

Halafu kuna mlango wenyewe. Wakati wa kipindi huwa umefunguliwa hadi ukutani, na kwa mlango unaofungukia ndani, bango la upande wa ndani linageukia ukuta saa ile ile linapohitajika. Ni bora libandikwe ukutani, upande wa kitasa, kwenye usawa wa macho. La nje likipigwa na jua, wino mwekundu wa printa za kawaida hupauka upesi na ukingo wa alama unatoweka, hata karatasi ikiwa imelaminishwa. Chini kabisa iandikwe tarehe, cheo cha mhusika na namba yake ya simu, na kila muhula mhusika huyo apite na bango mkononi mbele ya kabati, akilinganisha alama na chupa zilizopo.