Walioondoka Kabla Picha Haijatokea

Saa mbili usiku, abiria ndani ya daladala anafungua kipindi anachokipenda. Duara linazunguka. Anagusa skrini, anainua simu juu kidogo, anasubiri, kisha anafunga na kurudi kwenye meseji zake. Aliyetengeneza kipindi kile atamkuta kwenye ripoti kesho yake, na ninachohofia ni kwamba huenda asimkute kabisa.

Video haifiki simuni kwa mkupuo mmoja. Huja vipande vipande, kila kimoja cha sekunde chache, na simu huweka akiba ya vipande vinavyofuata. Ukifungua Stats for nerds kwenye YouTube utaiona akiba hiyo mbele ya maneno Buffer Health, ikihesabiwa kwa sekunde. Mtandao ukilegea, sekunde zinapungua. Zikifika sifuri, picha inaganda. Hapo ndipo watu husema video inabafa.

Ripoti huchukua muda ambao picha iliganda na kuulinganisha na muda wote wa kutazama. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini kwa aliyemaliza kipindi cha dakika 20 ni kama sekunde 12 za kukodolea duara. Mwaka 2012 watafiti Krishnan na Sitaraman, waliochambua utazamaji milioni 23 kwa takwimu za kampuni ya Akamai, waligundua kwamba mtu aliyekwama kwa angalau asilimia 1 ya urefu wa video hutazama sehemu ndogo zaidi kwa kiasi cha asilimia 5 kuliko mwenzake ambaye hakukwama. Kwenye kipindi chetu, hiyo ni dakika nzima. Waligundua pia kwamba watu huanza kuondoka picha ikichelewa zaidi ya sekunde 2.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme kipindi kina aplikesheni yake, na ripoti inasema kukwama ni asilimia 0.8. Mtayarishaji anaridhika. Mimi ningemwomba kwanza atenganishe waifai na data ya simu. Akifanya hivyo anakuta waifai ni 0.2 na data ni 1.4, wa waifai wanatazama dakika 14, wa data dakika 9. Akigawanya wale wa data kwa saa, asubuhi ni 0.6, lakini kati ya saa mbili na saa nne usiku, mnara mmoja unapohudumia mtaa mzima, inafika 3. Ile 0.8 haikuwa hali ya mtazamaji yeyote. Ilikuwa wastani wa makundi mawili yasiyofanana.

Kisha atazame ubora wa picha uliotumika saa hizo. Anakuta wengi wako 480p, inayohitaji takribani megabiti 1 kwa sekunde, na wanakwama hapo hapo. Kwa nini simu haikushuka chini? Kwa sababu hakuna cha chini: video ilitayarishwa kuanzia 480p kwenda juu. Dawa yake ni kuongeza nakala ya 240p, inayoweza kupita kwenye megabiti 0.3. Kwenye skrini ndogo, picha yenye ukungu inayotembea ni bora kuliko picha safi iliyoganda.

Lakini abiria wetu hajaingia kwenye hesabu hii. Hakuona picha hata sekunde moja, kwa hiyo hana muda wa kutazama wa kulinganisha na muda aliokwama. Aliyeishiwa bando katikati naye ni tatizo: programu nyingi huandika kukwama pale picha inaporudi, na kwake haikurudi, wala simu haikuwa na mtandao wa kupeleka taarifa. Ndiyo maana ripoti isomwe pamoja na namba mbili nyingine: wangapi walibonyeza kucheza bila kuona picha, na wangapi taarifa zao zilikatika ghafla wakati akiba imeisha.

Kwenye mfano wetu, tuseme kati ya watu 100 wa data wanaobonyeza usiku, 12 hawaoni picha. Baada ya kuongeza 240p wanabaki 4. Ajabu ni kwamba wastani wa muda wa kutazama unaweza kushuka, kwani wale 8 walioingia ndio wenye mtandao dhaifu kuliko wote. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alisimulia kisa cha aina hiyo: walipunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100, na wastani wa muda wa kufunguka ukapanda. Watu wa maeneo yenye mtandao mbovu, Afrika ikiwemo, walikuwa wameanza kuweza kuufungua.

Kwa hiyo mtayarishaji wetu ajumlishe dakika zote zilizotazamwa usiku kwa data, wiki ya kabla na wiki ya baada, huku akiangalia kama wale wa asubuhi wamebaki palepale. Zikipanda za usiku peke yake, abiria wa daladala ameshaona picha.