Laini Mbili, Redio Moja

Tuseme muuza vitenge wa Kariakoo ana simu ya laini mbili. Laini ya kwanza ndiyo wanayoijua wateja wake. Ya pili ndiyo aliyoiunganishia bando, na kwa hiyo anapitishia WhatsApp. Saa nne asubuhi mteja wa Morogoro anampigia kwenye laini ya kwanza, wanapatana bei kwa dakika kumi. Wakati huohuo msambazaji wa mzigo anaitafuta laini ya pili mara tatu, na kila mara anajibiwa kwamba haipatikani. Picha za vitenge zilizokuwa zikitumwa nazo zimekwama. Simu inapokatwa tu, kila kitu kinarudi.

Ni rahisi kulaumu mnara, lakini chanzo kimo ndani ya simu yenyewe.

Mtu akibonyeza *#06# kwenye simu ya laini mbili, ataona namba mbili za IMEI. Mitandao huzitambua laini hizo kana kwamba ni simu mbili tofauti. Hata hivyo, simu nyingi zina mtambo mmoja tu wa redio wa kutuma na kupokea mawimbi, na laini zote mbili hupokezana mtambo huo kama mlinzi mmoja aliyepewa mageti mawili.

Simu ikiwa imetulia, mpango huo hauna shida yoyote. Laini isiyotumika haihitaji kusikiliza mnara muda wote. Imepangiwa zamu, na kwenye 4G zamu hiyo mara nyingi huja kila baada ya sekunde 1.28. Redio huamka kwa muda mfupi sana, husikiliza kama laini inaitwa, kisha hulala. Muda unaobaki unatosha kabisa kusikiliza mnara wa laini ya pili. Ndiyo maana laini zote mbili huonyesha vijiti vya mtandao, na yoyote inaweza kuita.

Mambo hubadilika laini moja inapopokea simu. Katika mazungumzo ya 4G, sauti hukatwakatwa katika vipande vya milisekunde 20, navyo husafirishwa mfululizo kwenda na kurudi. Redio ikishikwa na kazi hiyo, haipati mwanya wa kutosha kwenda kusikiliza mnara mwingine. Mtandao wa laini ya pili unaita, unarudia kuita, haupati jibu. Baada ya sekunde chache unamwambia mpigaji kwamba simu haipatikani. Ikiwa mazungumzo yanafanyika ndani ya basi linalokwenda mbali, laini ya pili inaweza pia kukosa kujiandikisha kwenye eneo jipya, ndipo hutafuta mtandao kwa muda hata baada ya simu kukatwa.

Data nayo hupita kwenye laini moja tu kwa wakati, ile iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Nyingine hubaki kungoja simu na ujumbe mfupi. Data inapotiririka, redio huiacha kidogo ikasikilize laini ya pili, kisha hurudi. Anayetazama video hatambui. Lakini simu ikipokelewa kwenye laini isiyo na data, redio huhamia huko moja kwa moja, na picha za muuza vitenge husimama.

Baadhi ya simu zina njia ya kupunguza tatizo hilo. Kwenye iPhone kuna kitufe kiitwacho Allow Cellular Data Switching: mtu akiongea kwenye laini isiyo ya data, intaneti huhamia kwenye laini hiyo mpaka amalize, mradi mtandao unaruhusu sauti na data kwa pamoja. Hapo ni vizuri kujua kwamba laini isiyo na bando inaweza kukatwa salio la kawaida.

Zipo pia simu zinazoweza kushughulikisha laini zote mbili kwa pamoja. Modemu ya Snapdragon X70, iliyotangazwa na Qualcomm mwaka 2022, ina uwezo huo. Lakini sehemu za ziada za redio huongeza gharama na hula betri, na laini moja inapotuma mawimbi inaweza kuizibia nyingine masikio. Kwa hiyo simu za bei nafuu bado hupokezana.

Muuza vitenge hahitaji kununua simu mpya ili asimkose msambazaji. Kwanza awashe kungoja simu kwenye laini ya kwanza kwa kubonyeza *43# na kupiga. Kisha, kwa kutumia laini ya pili, apige:

```
**62*namba ya laini ya kwanza#
```

Amri hii huelekeza simu kwingine pale tu laini inapokuwa haipatikani. Mtandao ukiiruhusu, msambazaji akipiga laini ya pili, muuza vitenge atasikia mlio wa simu ya pili katikati ya mazungumzo na ataweza kuipokea. Kipande kilichoelekezwa kwa kawaida hulipiwa na mwenye laini ya pili, na ##62# hufuta mpango huo.