Barua pepe ya boksi hamsini

Mwenye duka la vigae Mbeya husomea barua pepe kwenye simu, kasimama kaunta, mteja anamngoja. Akiona kichwa "Huduma Bora za Usafirishaji", anakipita kama anavyompita mpiga debe wa stendi.

Niliwahi kumsaidia jamaa mwenye Fuso mbili Dar es Salaam kutafuta wateja kwa njia hii. Mara ya kwanza tuliandika historia ya kampuni, tukabandika picha za magari, tukatuma kwa watu 60 kwa mpigo. Tulijibiwa na mmoja tu, aliyetaka tumwondoe kwenye orodha.

Mara ya pili tulianza na mzigo wenyewe. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 lina karibu kilo 30, kwa hiyo boksi 100 ni tani 3. Mwenye duka hajazi Fuso. Ama akodi gari zima, ama asubiri lijae. Na vigae ni vizito: gari linafikia kikomo cha mizani huku bodi ikiwa na nafasi tele. Tukipakia vigae chini na magodoro juu, gharama ya safari inagawanyika. Hapo ndipo tulipopata cha kusema.

"Kichwa: Vigae Dar–Mbeya kila Alhamisi, kuanzia boksi 50

Habari za kazi. Nimepita dukani kwako nikaona unauza vigae vya 60 kwa 60. Tuna Fuso mbili, na kila Alhamisi moja inakwenda Mbeya. Tunapokea kuanzia boksi 50, gari lijae lisijae. Tunahesabu pamoja tukipakia na tukishusha. Likivunjika mikononi mwetu tunalipa. Hatuna ghala Mbeya, hivyo mzigo unashushwa dukani kwako siku gari linapofika. Mzigo wako ujao unatoka lini? Kama haikuhusu, nijibu 'hapana', sitakuandikia tena."

Chini tuliweka jina, simu na mtaa wa ofisi. Mimi naipenda zaidi ile sentensi ya ghala: matapeli hawataji wasichonacho.

Lakini barua nzuri nayo huweza kuishia kwenye folda ya Spam. Kama unatumia anwani yenye jina la kampuni, mwambie fundi wa tovuti aweke SPF na DKIM, yaani alama zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti hayo. Jaribu kwa kujitumia barua kwenye Gmail yako, uifungue kwa kompyuta, ubonyeze "Show original". Zote mbili zisomeke PASS. Kiambatisho usiweke, na usimwandikie mtu mmoja zaidi ya mara mbili.

Mwenye duka alijibu siku ya nne, mstari mmoja: "Boksi 50 ni shilingi ngapi?" Bei tulikuwa tumeisahau.