Fuata Mkono wa Bibi

Kwenye fremu ya mlango wa bibi yetu kulikuwa na doa jeusi, ukubwa wa kiganja, usawa wa kiuno. Tulilipaka rangi mara mbili, likarudi. Usiku alipoanguka akienda msalani na kuteguka mkono ndipo tulipoelewa: alikuwa akijishikilia pale kila alipotoka. Kuanzia pale hadi chooni, hatua kumi na moja, hakukuwa na cha kushika isipokuwa kamba ya kuanikia nguo.

Mzee anayeyumba huanza kushikashika vitu muda mrefu kabla hajaanguka. Basi kabla ya kununua chochote, tembea naye saa ya kulala, amevaa kandambili zake, taa zikiwa kama anavyoziacha mwenyewe. Mtoke kitandani mpaka chooni na kurudi. Kaa ubavuni mwake, nyuma kidogo, utazame mkono wake unakimbilia wapi. Kisha kagua haya.

Kitanda. Akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu na magoti yakunjike kama ya mtu aliyekaa kitini. Kitanda kirefu kipunguzwe miguu. Kifupi kiongezwe na fundi, wala kisipandishwe juu ya matofali, maana huteleza. Kabla ya kusimama akae dakika moja au mbili, kwa sababu mtu akiinuka ghafla presha inaweza kushuka na macho yakaingia giza. Kama kizunguzungu hicho kinajirudia, apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Dawa zake asiziache kwa uamuzi wake, ila muulizeni daktari kama ile inayoongeza mkojo inaweza kunywewa asubuhi, ili safari za usiku zipungue.

Njia. Mzee wa miaka 60 na zaidi anahitaji mwanga mwingi kuliko kijana ili aone kitu kilekile. Acheni taa ndogo ya sola ikiwaka usiku kucha, na tochi ifungwe kwa kamba kitandani, umeme ukikatika asiitafute sakafuni. Ondoeni mkeka unaojikunja pembe na waya wa chaja unaokatiza. Kizingiti cha sementi kwenye sakafu ya sementi hakionekani. Ukingo wake upakwe rangi nyeupe au ya njano.

Miguu na mavazi. Geuza kandambili utazame soli. Ikiwa imelika mpaka laini, itupwe. Kiatu chenye mkanda nyuma ya kisigino kinafaa zaidi, kwa kuwa hakichomoki. Dera au kanga isifagie chini. Mwenye fimbo asimame wima, mikono ikining'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Kama mguu mmoja ni dhaifu, fimbo ishikwe upande wa mguu wenye nguvu, na mpira wa chini ubadilishwe ukilika.

Choo. Hapa ndipo pa kutumia fedha. Mzee anayechuchumaa hana tatizo kubwa wakati wa kushuka; shida ni kuinuka, na hapo hukamata ndoo, bomba la maji au komeo, vitu visivyobeba uzito wa mtu. Mwambie fundi aweke bomba la chuma mahali mkono wake ulipokwenda, lizamishwe kwenye tofali, siyo kwenye plasta tu. Kama ukuta ni wa udongo, chimbieni nguzo mbili kwa sementi, kulia na kushoto kwa shimo. Kabla hajalitumia, kijana mzito alivute kwa nguvu zake zote. Magoti yakiwa yamekataa kabisa, kiti imara kilichotobolewa katikati kiwekwe juu ya shimo. Mlango ufunguke kwa nje: akiangukia nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, hakuna atakayeweza kuingia kumsaidia. Maji ya kuoga yakaushwe mara moja, pamoja na utelezi wa sabuni.

Akianguka. Msimvute mkono kumwinua. Kwanza mwulizeni panapouma. Mguu ulioonekana kuwa mfupi na kupinda kwa nje, au nyonga isiyogusika kwa maumivu, ni dalili ya mfupa kuvunjika: msimsimamishe, apelekwe hospitali akiwa amelazwa. Vivyo hivyo aende akiwa amegonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama anasema hajambo. Kama hana maumivu, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti na kujiinua mwenyewe taratibu.

Wazee wengi huficha kuanguka wakiogopa kuzuiwa kutoka. Kwa hiyo msimgombeze. Rudieni matembezi haya kila anapobadilishiwa dawa au kutoka hospitali, na mkiona doa jipya ukutani, msilipake rangi kabla ya kuweka kitu cha kushika.