Rangi ya Ngozi Inavyopimwa kwa Nambari

Spektrofotometa ya ngozi ni kifaa kinachomulika eneo dogo la mwili na kupima kiasi cha mwanga kinachorudi. Mwanga ukiingia kwenye ngozi, sehemu yake hunywewa na melanini, chembechembe za rangi zinazotengenezwa katika tabaka la juu. Sehemu nyingine hunywewa na himoglobini iliyomo katika damu. Unaosalia hutawanyika ndani ya ngozi na kutoka tena nje, na huo ndio jicho linauona kuwa rangi ya mtu. Kifaa hakisemi mtu ni mweusi, mweupe au maji ya kunde. Kinatoa nambari.

Kabla ya vifaa hivi, watafiti walitegemea macho. Mwanzoni mwa karne ya 20, Felix von Luschan, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Austria, alitumia vigae 36 vya kioo vilivyopangwa kutoka cheupe hadi cheusi. Mpimaji aliweka vigae kando ya ngozi na kuchagua kilichofanana nayo zaidi. Tatizo ni kwamba jicho halipimi, bali hulinganisha. Ngozi ileile huonekana nyeusi zaidi kando ya shati jeupe kuliko kando ya ukuta wa udongo, na mwanga wa jua la jioni huipa wekundu ambao haumo. Wapimaji wawili walimpa mtu mmoja vigae tofauti, na hata mpimaji yuleyule aliporudia kazi yake hakupata jibu lilelile kila mara.

Mizani ya aina sita za ngozi inayotumiwa hospitalini, iliyoanzishwa mwaka 1975 na daktari Mmarekani Thomas Fitzpatrick, nayo haikukusudiwa kupima rangi. Ililenga kukadiria jinsi ngozi inavyoungua au kukolea juani, ili daktari ajue kiasi cha miale ya urujuanimno cha kumpa mgonjwa.

Njia ya kifaa ilianza kueleweka mwaka 1939, Edwards na Duntley walipopima mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi ya watu hai na kuonyesha mchango wa melanini na wa damu katika rangi hiyo. Katika miaka ya 1950 vilipatikana vifaa vya kubebeka, na watafiti wakaweza kupima watu vijijini. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Kwanza kifaa huelekezwa kwenye kigae cheupe cha kiwango maalumu, na mwanga unaorudi kutoka hapo huhesabiwa kuwa asilimia 100. Kisha hupima ngozi na kueleza mwanga wake kama sehemu ya ule wa kigae. Kwa kuwa kifaa huja na taa yake na ngozi hufunikwa wakati wa kupima, haijalishi kama chumba kina jua au giza.

Spektrofotometa kamili hupima mawimbi ya mwanga kutoka nanomita 400, yaani urujuani, hadi 700, yaani nyekundu, mara nyingi kwa hatua za nanomita 10. Matokeo hayo hugeuzwa kuwa nambari tatu za mfumo wa kimataifa wa mwaka 1976. Ya kwanza, L*, ni kipimo cha mwangaza: 0 ni weusi mtupu na 100 ni weupe kamili. Ya pili, a*, huonyesha wekundu, na ya tatu, b*, umanjano. Melanini ikizidi, L* hushuka. Lakini L* huchanganya mambo, kwa sababu ngozi iliyoiva kwa joto au iliyowashwa hujaa damu, na damu nayo hupunguza mwangaza.

Fahirisi ya melanini iliundwa kukwepa mchanganyiko huo. Himoglobini hunywa sana mwanga wa kijani na wa buluu, lakini ule mwekundu hunywa kidogo tu. Melanini hunywa mawimbi yote, ingawa nguvu yake hupungua taratibu kuelekea kwenye wekundu. Kwa hiyo ngozi ikimulikwa kwa mwanga mwekundu peke yake, karibu nanomita 655, upungufu wa mwanga unaorudi hutokana zaidi na melanini. Hesabu yake ni hii:

M = 100 × log10(1 ÷ R)

R ni sehemu ya mwanga mwekundu iliyorudi. Tuseme mtu mmoja amerudisha nusu ya mwanga huo: R ni 0.50, na M ni takriban 30. Mwingine amerudisha robo: M ni takriban 60. Wa tatu amerudisha sehemu moja ya kumi, na M yake ni 100. Kadiri melanini inavyokolea, ndivyo fahirisi inavyopanda.

Mahali pa kupima huamua maana ya nambari. Uso na nje ya mkono huonyesha rangi ya kuzaliwa pamoja na jua la miaka mingi. Ndiyo maana watafiti wa rangi ya asili hupima upande wa ndani wa mkono wa juu, karibu na kwapa, ambapo jua hufika kwa nadra. Ngozi hufutwa mafuta na jasho, kisha hupimwa zaidi ya mara moja na kuchukuliwa wastani.

Kosa la kawaida ni kukandamiza kifaa. Damu husukumwa pembeni, ngozi hupauka, na L* hupanda bila melanini kubadilika. Kosa la pili ni kukiinamisha hadi mwanga wa nje uingie. Vipimo vitatu vya sehemu moja vikipishana sana, mpimaji hujua kuna hitilafu, naye husafisha kigae cheupe, hurekebisha kifaa upya na kurudia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania unaonyesha faida ya kazi hii. Watu zaidi ya 2,000 wa Tanzania, Ethiopia na Botswana walipimwa upande wa ndani wa mkono kwa mwanga mwekundu, na fahirisi zao zikalinganishwa na vinasaba. Fahirisi za juu kabisa zilipatikana kwa wafugaji wa Afrika Mashariki wanaozungumza lugha za Kinilo-Sahara, na za chini kwa Wasan wa kusini mwa Afrika. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na nambari badala ya jina la rangi, tofauti ndogondogo zilitosha kuonyesha vinasaba vinavyohusika, kikiwemo MFSD12, ambacho uhusiano wake na rangi ya ngozi ya binadamu haukuwa umejulikana.

Nambari hizi zina mipaka. Kwenye ngozi nyeusi sana mwanga unaorudi ni haba, hivyo kosa dogo la kifaa huyumbisha fahirisi zaidi kuliko kwenye ngozi nyeupe. Vifaa vya viwanda tofauti hutumia mawimbi na mizani tofauti, na M ya kimoja hailingani moja kwa moja na ya kingine. Kwa hiyo kipimo cha rangi ya ngozi hakikamiliki bila kutaja kifaa kilichotumika na sehemu ya mwili iliyopimwa. Nacho hueleza melanini ya sehemu hiyo tu. Hakitoshi kusema mtu ni wa kabila gani wala asili yake ni wapi.