Kununua hisa: mwenye kutafuta sosiete inayokua na mwenye kutafuta ya bei ya chini

Watu wengi wa Bukavu, Goma na Bunia wanajua banki TMB. Wachache wanajua kwamba tangu mwezi wa 12 mwaka 2022, sehemu 85 kwa 100 za banki hiyo ni za KCB ya Kenya, na kwamba hisa za KCB (wengine wanasema aksio) zinauzwa kila siku kwenye soko la hisa la Nairobi. Kongo yetu haina soko kama hilo. Ndiyo maana ili kuelewa namna mbili kubwa za kuchagua hisa, inafaa kuangalia pale Nairobi.

Namna ya kwanza ni kununua ukuaji. Mtu anatafuta sosiete ambayo faida yake inapanda haraka, na anakubali kulipa bei kali leo juu ya faida ya kesho. Mfano unaojulikana ni Safaricom, yenye M-Pesa. Mwaka 2008 hisa yake iliuzwa kwa watu wote shilingi 5. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya 3, na wengi waliuza kwa hasara. Waliobakia waliona hisa ile inapita shilingi 40 katika 2021.

Hapo ndipo hesabu inaanza. Mwaka ule faida ya Safaricom kwa hisa moja ilikuwa karibu shilingi 1.70. Gawanya bei ya 42 kwa 1.70, unapata karibu 25. Yaani mnunuzi alilipa faida ya miaka 25 mara moja! Bei kama hiyo inafaa tu kama faida itaendelea kupanda. Lakini haikupanda: kuingia Ethiopia kulikula feza nyingi, na wageni walikuwa wanatoa feza zao Nairobi. Mwisho wa 2023 hisa ilikuwa chini ya shilingi 15. Sosiete yenyewe haikufa, iliendelea kupata faida. Kosa lilikuwa katika bei.

Namna ya pili ni kununua thamani: kutafuta hisa ambayo watu wameikimbia, yenye bei iko chini ya kile sosiete inastahili. Mwisho wa 2023 KCB ilikuwa hivyo. Hisa ilikuwa karibu shilingi 22, wakati faida ya mwaka kwa hisa moja ilipita 11. Gawanya: haifiki 2. Tena, ukitoa madeni yote ya banki na kugawa mali iliyobakia, kila hisa ilikuwa na zaidi ya shilingi 60 nyuma yake.

Kwa nini basi watu hawakuikimbilia? Sababu zilikuwa za kweli. Mikopo mingi ilikuwa hailipwi vizuri, na banki haikugawa faida kwa wenye hisa mwaka ule. Anayenunua thamani lazima ajiulize: shida hii itapita, ao itaua sosiete? Kwa KCB ilipita, na mwisho wa 2024 bei ilikuwa karibu mara mbili. Kwa kiwanda cha sukari cha Mumias, haikupita. Hisa ilishuka mpaka chini ya shilingi 1, wengi wakadhani ni bahati, kumbe deni lilikuwa limekula kila kitu. Katika 2019 wadai walichukua kiwanda na hisa ikafungwa sokoni. Dalili zilionekana mbele katika vitabu vya hesabu: hasara mwaka nyuma ya mwaka, na deni linalopanda. KCB, hata katika shida, ilikuwa inapata faida.

Kwa hiyo namna ya kwanza inamfaa mtu mwenye mshahara ao biashara inayomlisha, ambaye hatahitaji feza hizo miaka mingi, na anayeweza kuona nusu yake inapotea bila kuuza kwa woga. Anauza siku ukuaji unasimama. Namna ya pili inamfaa mwenye kupenda kusoma hesabu, na anayevumilia kununua kitu ambacho jirani wote wanakicheka. Huyo anauza bei ikifikia thamani aliyoihesabu. Mama anayeweka feza za shule za mwezi wa 9 haingii katika namna yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa mtu wa kwetu kuna jambo moja zaidi, ambalo wauzaji wa hisa hawalitaji sana. Feza zake ni dola, hisa ni shilingi. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu shilingi 110; mwanzo wa 2024 ilipita 150. Aliyenunua Safaricom kwa 42 alipoteza mara mbili, kwa hisa na kwa shilingi. Aliyeingia KCB mwanzo wa 2024 alipata mara mbili pia, kwani mwaka ule shilingi ilirudia nguvu.